Alinipenda kwa sababu ya haluwa: jinsi ya kuandika uaminifu wa mwenza kwenye gemu

Kuna sini moja kwenye Mass Effect ya kwanza, ile ya 2007, ambayo kila ninapokaa kuandika mwenza wa kwenye gemu, yaani mhusika anayeambatana na mchezaji, lazima nianze kuifikiria. Mko ufukweni kwenye sayari ya Virmire. Wrex, yule krogan mzee mliyetoka naye mbali, amesikia kwamba adui yenu Saren ana kiwanda humo, na humo ndani kuna dawa ya jenofeji, ugonjwa uliotengenezwa makusudi ili watu wa kabila lake wasizaane. Nyie mmekuja kulipua hicho kiwanda. Yaani unamwambia mtu anayeona ukoo wake unakwisha kwamba dawa ipo pale, afu tunaichoma. Anapandwa na hasira, anaenda kusimama peke yake majini anafyatua bunduki hovyo, na ukimfuata mnaishia kunyoosheana silaha.

Sasa hapo mlango ni mmoja ila funguo ziko mbili. Ya kwanza, kama umeweka pointi za kutosha kwenye ustadi wa kushawishi au wa kutisha, unapata sentensi ya kumtuliza na anatulia. Ya pili, kama huko nyuma ulipoteza muda ukamtafutia deraya ya ukoo wake iliyokuwa mikononi mwa mtu mwingine, hiyo nayo inatosha kumfanya akusikilize. Kama huna hata moja, Wrex anakufa hapo hapo, na anaweza kupigwa risasi na mwenzenu mwingine kabisa huku wewe bado unaongea.

Mimi naona ule ufunguo wa deraya ndo uandishi, na ule wa pointi ni hesabu tu. Mchezaji aliyepandisha ushawishi alipandisha ili apate bei nzuri dukani na amalize ugomvi wa watu baki, Wrex hakuwemo kabisa kwenye mawazo yake siku anabonyeza ile pointi. Ila aliyeenda kutafuta deraya alienda kwa ajili ya Wrex, alipigana kwa ajili ya Wrex, na Wrex mwenyewe anajua. Wote wawili wanaokoa mtu yule yule, ila muulize mmoja mmoja kwa nini Wrex alishusha bunduki. Mmoja atakwambia "nilikuwa na pointi", mwingine atakwambia "nilimrudishia kitu cha babu yake". Na hilo swali, kwa nini amefanya vile, ndo kipimo changu kwenye makala yote hii.

Sasa nitoke kwa wakubwa nije kwangu, maana nilikosea vizuri kabisa na kosa langu linafundisha.

Nina gemu ndogo naiandika, ya maandishi matupu na picha chache, kuhusu jahazi linalopeleka magendo ya karafuu kutoka Pemba kwenda upande wa Shimoni, Kenya. Wewe ni nahodha. Mpo watu sita chomboni, na mwenza mkubwa ni Sururu, baharia wa makamo, mkimya, mkono mzuri kwenye usukani. Mwisho wa gemu kuna usiku mmoja, mmezima kila kitu, boti ya doria inazunguka karibu, na Sururu ana taa mkononi. Akiiwasha mmekamatwa wote na yeye deni lake linafutwa, kuna mtu alishamuahidi. Asipoiwasha mnapita. Uamuzi ni wake, mchezaji habonyezi kitu.

Toleo la kwanza nilifanya kama wanavyofanya wengi. Nikaweka namba, nikaiita `ukaribu`, inaanzia sifuri. Ukikaa naye kunywa kahawa inapanda, ukimuuliza habari za nyumbani inapanda, ukimnunulia haluwa Wete inapanda sana, ukimfokea inashuka. Ikifika 60 hawashi taa. Chini ya hapo anawasha. Nikaona mambo safi.

Nikawapa jamaa zangu wacheze. Mmoja wao, mtu wa mahesabu, aligundua haraka kwamba haluwa ndo inalipa kuliko vyote, akawa kila bandari ananunua haluwa. Huku safarini ni nahodha katili ajabu: alimtelekeza kijana mgonjwa nchi kavu, aliwadanganya mabaharia bei ya mzigo, kila baya lililokuwepo alilifanya. Kufika ule usiku, Sururu akaishika taa, akamuangalia nahodha wake kwa mapenzi makubwa, akaitupa baharini. Jamaa akacheka mpaka akakohoa. "Huyu Sururu," akaniambia, "anapenda haluwa kuliko utu." Nilijitetea kidogo, afu nikaenda kulala nimenuna, maana alikuwa kasema kweli.

Shida ya namba moja ni kwamba inasahau. Sitini ya haluwa na sitini ya kumuokoa mtu roho zinafanana, ukishazijumlisha hujui tena zilitoka wapi, na gemu yenyewe haijui. Dragon Age: Origins ya 2009 ina namba ya namna hiyo kwa kila mwenza, kutoka hasi 100 mpaka 100, na zawadi zinaipandisha, na watu walishajua kwamba ukiwa na begi la zawadi nzuri unaweza kufuta makosa mengi tu. Ila angalia walichofanya kwa mwenza mmoja, Alistair. Huyu aliyemlea kwenye ujeshi wake, Duncan, alikufa vitani Ostagar baada ya jemadari Loghain kuondoa majeshi akawaacha. Toka siku hiyo Alistair anamtaja Duncan kambini, anaomboleza, unaweza hata kuikuta ngao ya Duncan ukampa. Sasa mwishoni unapata nafasi ya kumsamehe Loghain na kumuingiza kwenye kikosi kile kile cha marehemu Duncan. Ukikubali, Alistair anaondoka kwenye msafara wako. Namba yake iwe 100, uwe umempa zawadi za dunia nzima, anaondoka. Pale waandishi waliamua kwamba kuna kitu namba haigusi, na wachezaji wengi walikasirika, ila hasira yao ilikuwa kwa Alistair kama mtu, sio kwa gemu kwamba imebuni kitu. Hiyo ni hasira nzuri sana kuipata.

Kwahiyo nilirudi kwa Sururu nikajiuliza: huyu bwana kitu chake ambacho namba haigusi ni kipi? Na sikutaka jibu la jumla jumla kama "anathamini uaminifu", hilo halikusaidii kuandika hata sini moja. Nilitaka sentensi ambayo yeye mwenyewe anaiamini, ambayo inaweza kuwa kweli au uongo kutegemea nahodha aliyempata. Nikapata hii: nahodha hugeuza chombo kwa mzigo, hageuzi kwa mtu. Baba yake alidondoka baharini usiku, upepo mzuri, mzigo umeshachelewa, na nahodha wa wakati huo hakugeuza. Basi. Sururu amekuwa baharia miaka yote akiamini hivyo, hana hata kinyongo, kwake hiyo ni kama kusema kusi ikivuma bahari inachafuka.

Ukishakuwa na sentensi ya hivyo kazi inabadilika. Huhitaji tena kuuliza mchezaji amempendezesha mara ngapi, unauliza mchezaji ameithibitisha ile sentensi au ameivunja, na amefanya hivyo kwa gharama gani. Gharama ndo nyama yenyewe. Chaguo la wema ambalo halimgharimu mchezaji kitu, Sururu hana sababu ya kulihesabu, na mchezaji mwenyewe hatalikumbuka.

Ngoja nioneshe sini moja kwa karibu. Mpo Wete, mzigo umeshapakiwa, maji yamejaa, ni saa ya kutoka. Faki, kijana wa mwisho kuajiriwa, ana homa kali, amekwenda hospitali kuchukua dawa na hajarudi. Mkiyaacha maji haya yapwe hamtoki tena mpaka yajae tena, yaani nusu siku imeenda, na tajiri wa mzigo alishasema mkichelewa atakata malipo. Unasubiri au unatweka? Ukisubiri unakatwa kweli, na pesa hiyo ndo ulikuwa unaiwekea tanga jipya, na tanga lile bovu litakusumbua gemu nzima, likipasuka kwenye mkondo utajilaumu. Sururu hasemi kitu. Hakuna maandishi yanayotokea juu ya skrini kwamba Sururu amefurahi. Hapo nilikuwa na tamaa kweli ya kuweka kitu, hata kinukta, ili mchezaji ajue amefanya vizuri, nikajizuia, maana ukishamuonesha kwamba huu ni mtihani anaanza kujibu mtihani. Gemu nyingi kubwa zinaonesha vile vijumbe, huyu amependa, yule amechukia, na kwa mambo madogo madogo sina neno, vinasaidia kumjua mtu. Ila kwenye zile sini mbili tatu zinazobeba uamuzi wa mwisho, nyamaza.

Ya pili ni bei. Kule ng'ambo mnunuzi anatoa zaidi ya mlivyotarajia. Wewe peke yako unajua, maana wewe ndo unaongea naye. Unaweza kuwaambia watu bei halisi mkagawana, au ukataja ile ya zamani na kujaza pengo la tanga. Sasa hapa kuna kosa ambalo nimeliona kwenye gemu nyingi na mimi nililifanya: mwenza anajua kila kitu. Unaiba sehemu ambayo hayupo, na namba yake inashuka, kama malaika kamnong'oneza. Sururu hakuwepo kwenye mizani! Atajuaje? Lazima awepo shahidi, na shahidi awe mtu mwenye jina na sababu ya kuwa pale.

Hapo ndo kilitokea kitu ambacho sikukipanga na nakipenda kuliko vyote kwenye gemu hii. Nani yuko kwenye mizani? Kazi ya kubeba magunia mpaka mizani ni ya kijana mdogo wa chombo, yaani Faki. Kwahiyo kama ulimsubiri Faki Wete, Faki yuko pale, anasikia bei, na usiku anamwambia Sururu. Kama ulimuacha, hakuna aliyesikia, uongo wako uko salama. Wema wako wa kwanza ndo umekuletea shahidi wa ubaya wako wa pili. Mchezaji akikumbuka hilo baadaye anajiona kabisa mkono wake umo kwenye kila kilichompata.

Kwenye skripti, naandikia Ink, lugha ya kuandikia gemu za maandishi, hii yote inakaa hivi, na ni fupi kuliko ile ya namba:

```
VAR ukaribu = 0
VAR alimsubiri_faki = false
VAR sururu_anajua_bei = false

=== usiku_wa_boti ===
{
  - not alimsubiri_faki:
      -> anawasha_taa
  - sururu_anajua_bei:
      -> anaficha_ila_anaondoka
  - else:
      -> anaficha_anabaki
}
```

Ona kwamba `ukaribu` imebaki juu pale lakini haimo kwenye uamuzi. Sikuifuta, niliibadilishia kazi. Sasa hivi inaamua Sururu anakuambia nini: ukikaa naye vya kutosha atakusimulia habari ya baba yake, kidogo kidogo, safari tatu tofauti. Usipokaa naye hatasimulia, ila ataamua vile vile. Kahawa na haluwa zinafungua mdomo wake, hazigusi mkono wenye taa.

Hicho cha katikati, `anaficha_ila_anaondoka`, ndo kilichoniuma kuandika. Nahodha aliyemgeuzia chombo Faki afu akawaibia. Zamani namba yangu ingetoa wastani, jumlisha toa, afu ikachagua upande. Ila mtu hatoi wastani. Sururu ana vitu viwili kichwani na vyote ni kweli: huyu nahodha alisubiri mtu, na huyu nahodha ni mwizi. Basi haiwashi taa, maana sentensi yake ya maisha imevunjwa na hawezi kumtia mtu wa namna hiyo mikononi mwa doria. Asubuhi mkifika, anafungua kisanduku, anahesabu sehemu yake na ya Faki kwa bei halisi mbele ya macho yako, hachukui hata senti ya ziada, wanashuka wote wawili. Hakuna hotuba.

Mtu ataniuliza, sasa ukiongeza kumbukumbu nyingi si utaandika miisho mpaka uzeeke? Ni kweli, maswali matatu ya ndiyo na hapana yanatoa michanganyiko 8, matano yanatoa 32, na hakuna mwandishi wa peke yake atakayeandika sini 32 za usiku mmoja akabaki na akili zake. Ila huandiki 32. Unaandika miisho mitatu, afu ndani ya kila mwisho unaacha sentensi moja au mbili zinazobadilika. Kwa mfano mimi nina kumbukumbu ya tatu, ile siku Sururu alipokosea usukani akagusa mwamba, ulimtetea mbele ya tajiri au ulimuacha abebe lawama. Hiyo haibadilishi taa. Inabadilisha kitu kimoja tu, anapoongea usiku ule anakuita nahodha au anakuita kwa jina lako. Kazi yangu pale ilikuwa neno moja, na aliyecheza analisikia.

Suala la kushawishi sasa, maana nilianza kwa kulisema vibaya. Sijaliondoa kabisa. Usiku ule unaweza kuongea na Sururu kabla hajaamua, ila hakuna sentensi inayomgeuza kwa sababu una ulimi mtamu. Mwanzoni niliweka chaguo la kusema "kumbuka nilimsubiri Faki", linalotokea kama ulimsubiri kweli. Lilikuwa baya. Linasikika kama mtu anatoa risiti, na wema ukiudai unaharibika. Nikaligeuza: wewe huna la kumwambia zaidi ya kumuita jina, na yeye ndo anataja. "Maji yalikuwa yanapwa," anasema, "na hukutweka." Yale yale, ila yametoka kwa mtu aliyekuwa ameyaweka moyoni muda wote bila wewe kujua, na hapo ndo mchezaji anagundua kwamba alikuwa anaangaliwa.

Na usaliti nao unadai maandalizi yale yale, watu wanasahau upande huo. Ikiwa Sururu anawasha taa, mchezaji lazima awe ameshaona mahali fulani kwamba kuna mkono mwingine unamvuta. Kwangu ni sini ndogo sana bandarini: unamuona Sururu anaongea na mtu wa shati jeupe, ukiuliza anasema "ananidai". Ukweli mtupu, hakudanganya hata kidogo. Wachezaji wengi wanapita tu. Ila taa ikishawaka wanarudi kichwani wanalitafuta lile shati jeupe na wanalikuta. Bila hilo, mwenza anayekusaliti anakuwa kama ametekwa na mwandishi.

Nilipowapa watu toleo jipya niliwauliza swali lile lile kila mmoja, kwa nini alifanya vile, na sikuwasaidia kujibu. Kama jibu lina neno pointi, au "sijui, labda sikuongea naye vya kutosha", sini imefeli hata kama waliifurahia. Kama jibu lina jina la mtu au la mahali, imefaulu. Wengi walisema Faki. Mtu wangu wa haluwa, ambaye alicheza vile vile kwa ukatili wake, aliwashiwa taa, akanyamaza kidogo afu akasema haya, yule mtoto wa homa, sawa. Ila mmoja alikwama kabisa. Yeye alimuacha Faki, hakuwahi kukaa na Sururu hata kikombe kimoja cha kahawa, kwahiyo ile habari ya baba hakuisikia, na kwake taa iliwaka kama radi kwenye anga safi. Hakuwa na kosa, ni mimi niliyeweka maelezo yote nyuma ya mlango ambao yeye hakuufungua.

Sikutaka kumlazimisha asikie simulizi. Nikaweka kitu kidogo ambacho hakuna atakayekikosa: kila mnapotoka bandarini, mabaharia wengine wanahesabu magunia, Sururu anahesabu watu. Kwa sauti, kutoka omo kwenda tezi, moja mpaka sita, afu ndo anashika usukani. Mara ya kwanza ni mazoea ya mzee. Mkitoka Wete bila Faki anahesabu, anafika tano, anasimama kidogo, anashika usukani. Na usiku ule wa boti, taa ikiwa mkononi bado haijawashwa, anahesabu tena kwa kunong'ona, na kama ulimuacha yule kijana, namba inaishia tano.